Nati ya Grenda Ikigoma, Anza na Diski

Ingia kwenye karakana yoyote ya mageti na madirisha, omba kuonyeshwa grenda ya zamani kuliko zote, kisha itazame nati yake. Mara nyingi utaikuta imejaa makovu. Kuna alama za tindo pembeni, meno ya paipu renchi yamekwaruza ukingo mzima, na yale matundu ya kuingizia spana yamepanuka mpaka spana haishiki tena. Ukibonyeza kitufe cha loki juu ya kichwa cha mashine, kinaingia bila kushika kitu, au kimezama moja kwa moja hakirudi. Mashine bado inanguruma vizuri, mota ni nzima, lakini kubadilisha diski kumegeuka kuwa kazi ya watu wawili na nyundo.

Uharibifu huu wote hutokea kwa mpangilio uleule. Diski inaliwa mpaka inakwisha, nati inagoma kufunguka, fundi anaongeza nguvu, na kinachovunjika si nati bali pini ya loki. Ninaandika makala haya kwa sababu uharibifu huo unaepukika. Nati inayogoma haihitaji bomba la kurefushia spana. Inahitaji kwanza kuondolewa kile inachokibana, yaani ile diski iliyokwisha ambayo hata hivyo inakwenda kutupwa.

Ili jambo hili lieleweke, tuitazame mashine kwa upande wa diski. Katikati kunatokeza shafti yenye thredi. Kwenye grenda nyingi zinazouzwa kwetu, za milimita 115 (ndiyo ile ya inchi nne na nusu), 125, na hata zile kubwa za 230, thredi hiyo ni ya milimita 14. Kwanza inakaa flenji ya ndani, sahani nene ya chuma ambayo kwa kawaida imechongwa ishike bapa mbili za shafti ili zizunguke pamoja. Juu yake inakaa diski. Mwisho inakuja nati, ambayo nayo ni sahani ya duara yenye matundu mawili au manne ya kuingizia spana ya pini. Kwa hiyo diski imebanwa katikati ya sahani mbili, na hakuna ufunguo wala jino linaloishikilia. Inazungushwa kwa msuguano tu.

Thredi ya nati hii ni ya kawaida. Ukiwa umeikabili, kuilegeza unazungusha kushoto, kinyume cha mishale ya saa. Shafti nayo, ukiitazama kwa upande huohuo, inazunguka kushoto wakati mashine inafanya kazi. Watu wengi huona hapo kuna kasoro, kwamba nati ingejifungua yenyewe. Ukweli ni kinyume chake. Diski inapogusa chuma inapata upinzani, inataka kubaki nyuma, wakati shafti inaendelea kusonga. Huko kubaki nyuma kunaiburuta nati upande wa kulia, upande wa kukaza. Waliobuni mashine walikusudia hivyo ili diski isichomoke ikiwa kwenye kasi. Gharama yake ni kwamba kila diski inapokwama ghafla ndani ya bomba unalokata, nati inapigwa pigo moja la kukazwa ambalo hakuna mkono ungeweza kulitoa.

Ndiyo maana nati uliyoikaza kwa mkono asubuhi unaikuta jioni imeshikana kama iliyochomelewa. Kutu inaweza kuwepo, hasa kwa mashine inayokaa ukanda wa pwani au inayolala nje ya stoo, lakini kwa grenda inayotumika kila siku kutu huwa ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ni mbano. Na mbano huo haukai kwenye thredi peke yake. Thredi ina upana wa milimita 14, wakati uso wa nati unaogandamiza diski una upana wa karibu milimita 40 kwenye mashine ndogo. Msuguano ulio mbali na katikati ni mgumu zaidi kuushinda kuliko ulio karibu. Kwa hiyo ugumu mwingi unaousikia mkononi unatoka pale uso wa nati unapokutana na diski. Hapo ndipo pa kushambulia.

Sasa tuiangalie loki, maana ndiyo inayoumia. Kitufe cha juu kinasukuma pini ndogo ya chuma, yenye unene wa milimita chache, iingie kwenye tundu lililo katika gia kubwa iliyofungwa kwenye shafti. Kazi yake ni kuizuia shafti isizunguke wakati unakaza au kulegeza kwa spana ya kawaida iliyokuja na mashine. Haikutengenezwa kwa ajili ya bomba. Fanya hesabu ndogo. Chukua tundu la pini lililo milimita 15 kutoka katikati ya shafti. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 20 kwenye mpini wa nusu mita, nguvu hiyo inafika kwenye pini ikiwa imeongezeka zaidi ya mara 30, yaani zaidi ya kilo 600. Pini inakatika, au tundu la gia linatanuka, au kichwa cha mashine ambacho ni cha aluminiamu kinapasuka pale kitufe kinapopita. Nati haijasogea hata kidogo.

Loki ina njia nyingine mbili za kufa. Ya kwanza ni kubonyezwa kabla diski haijasimama. Grenda ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na baada ya kuzimwa huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Fundi mwenye haraka akibonyeza ili "kuifungia breki", pini inagonga gia mara nyingi mno kabla haijashika, na inapotoka hapo imeshachongoka ncha. Ya pili ni vumbi la chuma. Vumbi hilo huingia pembeni mwa kitufe, hukutana na grisi, hugeuka tope jeusi, na springi inashindwa kukirudisha kitufe juu.

Kazi ya kufungua yenyewe inaanza kwenye soketi. Chomoa plagi, au toa betri kama mashine ni ya chaji. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu mikono yako itakuwa imeizunguka mashine na swichi ya grenda ni rahisi kusukumwa na paja au kona ya meza. Iache mashine ipoe. Vaa miwani ya kazi na glavu, na barakoa pia, kwa kuwa diski imetengenezwa kwa chembe kali zilizogandishwa kwa resini na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi za kioo, na utakachokuwa unakivunja ni hicho.

Kabla ya kugusa nati, ijaribu loki. Bonyeza kitufe taratibu huku ukizungusha diski kwa mkono mpaka pini idondokee tunduni. Ikishika imara, ni nzima. Ikitoa mlio wa tak, tak, kila unapozungusha na shafti inaendelea, ujue pini imelika au tundu limepanuka, na kuanzia hapo usiihesabu tena kama msaada. Ikiwa haiingii kabisa, au imeingia na haitoki, tutaifikia.

Loki ikiwa nzima, jaribu mara moja tu kwa njia ya kawaida. Weka mashine mezani nati ikiwa juu, ingiza spana yenye pini sawasawa mpaka ikae flati usoni pa nati, kisha upige mpini wake kwa kiganja cha mkono, pigo fupi la ghafla kuelekea kushoto. Pigo fupi hufanya kazi kuliko kuegemea kwa uzito wa mwili. Kuegemea kunaichosha pini na kuzikunja pini za spana. Ikigoma mara mbili au tatu, weka spana chini.

Kilichofuata katika karakana moja ya mageti huko Mbagala kinaonyesha njia iliyobaki vizuri kuliko maelezo ya jumla. Grenda ilikuwa ya milimita 115, ina diski nyembamba ya kukatia ya milimita 1. Kijana alikuwa anakata bomba la mraba, bomba likajifunga na kuibana diski, mashine ikaruka. Diski ilibaki na upana wa kama milimita 70, ukingo wake umemeguka upande mmoja. Alipotaka kuibadilisha nati ikagoma, akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana. Ulisikika mlio mmoja mkavu, na kuanzia hapo kitufe kikawa kinaingia bila kushika.

"Mzee, imefunguka nini?" akauliza kijana.

"Haijafunguka, mwanangu, umekata pini ya loki," akajibu fundi mkuu. "Toa hilo bomba. Lete plaizi na ile bledi ya msumeno iliyovunjika."

Alianza kwa kulegeza kava ya kinga na kuizungusha kando ili apate nafasi. Kisha akaishika diski kwa plaizi kwenye ukingo na kuimegua kipande kwa kipande, akiinamisha mashine ili vipande vianguke chini na si kuelekea usoni. Resini ya diski nyembamba inakatika kwa urahisi, lakini ule wavu wa nyuzi za kioo unashikilia, kwa hiyo kila kipande kilihitaji kukunjwa huku na huku kabla ya kutoka. Baada ya muda mfupi hakikubaki kitu nje ya ukingo wa nati. Kilichobaki ni duara la diski lililo ndani, katikati ya sahani mbili, halionekani ila kama mstari mweusi wa milimita 1.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kurudia spana mapema. Sehemu ya diski iliyokuwa nje haikuwa inabanwa na chochote, kuivunja hakujapunguza mbano. Mbano uko kwenye mstari ule mweusi. Fundi alifunga kitambaa kwenye upande mmoja wa bledi kuukuu ya msumeno wa chuma, akaingiza upande wa pili kwenye mstari huo na kuanza kuchokonoa. Bledi ya kawaida ina unene usiofika milimita 1, inaingia vizuri hata kwa diski nyembamba. Ikilika meno hakuna hasara. Alichokonoa akizunguka, unga mweusi ukawa unamwagika mezani pamoja na nyuzi nyeupe za wavu. Ukishaondoa resini kwa kina cha nusu tu ya njia kuelekea katikati, duara lote linalobaki linaanza kupondeka lenyewe, kwa sababu mbano uliokuwa umegawanyika sasa unaangukia sehemu ndogo.

Kwa loki nzima, nati ingetoka hapo kwa spana, na mara nyingi hutoka kwa vidole. Lakini loki ya mashine ile ilikuwa imekufa, kila walipozungusha nati shafti nzima ikafuata. Sasa, diski ikiwa imeondoka, ukingo wa flenji ya ndani uko wazi. Fundi akaubana ukingo huo kwa plaizi ya kufunga, ile wanayoiita vaisgripu, akaulaza mpini wake uegemee mguu wa meza. Flenji ikishikwa, shafti imeshikwa, kwa sababu zinaungana kwenye zile bapa mbili. Akaweka spana, akapiga kwa kiganja mara moja, nati ikageuka. Baada ya hapo ikawa inazungushwa kwa kidole.

Baadhi ya grenda zina bapa za kushikia spana nyembamba kwenye shafti, nyuma ya flenji. Ukiziona kwenye mashine yako, tumia hizo badala ya kubana flenji. Pia zipo mashine chache ambazo flenji ya ndani ni ya duara tupu na inazunguka bure juu ya shafti. Kwa hizo kuibana hakutasaidia, itabidi urekebishe loki kwanza.

Njia hii ya kuchokonoa inafaa kwa diski zote za resini, za kukatia na zile nene za kusagia. Ya kusagia, yenye unene wa milimita 6 hivi, haimeguki kwa plaizi. Inapigwa tindo ndogo ikiwa imelazwa kwa mshazari, pigo likielekea kwenye diski na si kwenye shafti, kwa sababu beringi iliyo nyuma ya flenji inapokea kila pigo linaloelekezwa katikati.

Diski ya almasi ya kukatia marumaru na zege ina mwili wa chuma, huwezi kuivunja. Faida yake ni kwamba unaweza kuishika. Weka vipande viwili vya mbao laini kwenye taya za vaisi, bana mwili wa diski katikati ya mbao hizo, na mtu wa pili aibebe mashine isining'inie kwa uzito wake. Sasa zungusha nati kwa spana bila kubonyeza loki kabisa. Inafanya kazi kwa sababu msuguano wa flenji ya ndani dhidi ya diski ni mkubwa kuliko msuguano wa thredi, kwa hiyo shafti inabaki imetulia na diski. Pini ya loki haipokei chochote.

Kuhusu mafuta ya kulainisha: yanasaidia pale tu penye kutu ya kweli, kwa mfano mashine iliyokaa miezi stoo au iliyoloa mvua. Weka matone machache kwenye ncha ya shafti inapotokea katikati ya nati, mashine ikiwa imeinamishwa nati ikitazama chini, uache yafanye kazi kwa robo saa au zaidi. Ukiiweka mashine kinyume chake, mafuta yanashuka kando ya shafti hadi kwenye beringi na kuosha grisi yake. Mafuta ya taa na dizeli ndiyo mabaya zaidi kwa hilo. Na diski yoyote iliyolowa mafuta usiirudishe kazini.

Moto ni wa mwisho kabisa. Mafundi wenye gesi hukimbilia kupasha nati, lakini joto linalofika kwenye beringi linayeyusha grisi na kuharibu sili yake, na wiki chache baadaye mashine inaanza kupiga kelele. Ukilazimika, diski iwe imeshaondolewa yote, pasha nati tu na kwa muda mfupi, na usithubutu ikiwa umetangulia kuweka mafuta, maana yanashika moto.

Kama matundu ya nati yameharibika kiasi cha spana kutoshika, na diski umeshaichokonoa, paipu renchi kwenye ukingo wa nati inatosha. Nati ikiwa bado ngumu, ikate. Tumia msumeno wa chuma, kata mstari mmoja kutoka ukingoni kuelekea katikati, na uache kabla ya kufika kwenye thredi. Kisha ingiza tindo kwenye mstari huo na upige taratibu mpaka nati ipasuke. Nati ni kifaa cha bei ndogo kinachopatikana kwenye maduka ya zana, shafti sivyo. Ukiona ung'avu wa thredi ya shafti ndani ya mstari, umeshakwenda mbali mno.

Turudi kwenye loki iliyozama na haitoki. Dalili yake ukiwasha mashine ni mota kuunguruma bila diski kuzunguka, na harufu ya kuungua ndani ya sekunde chache. Zima mara moja na uchomoe. Kwanza usiivute kwa koleo. Mara nyingi kitufe hakijaganda kwa uchafu, ila pini imeegemewa na gia kutokana na nguvu uliyotumia kulegeza nati. Zungusha diski kidogo upande wa kulia, kinyume na ulikokuwa unasukuma, na kitufe kitaruka chenyewe. Kikibaki, safisha pembeni mwake kwa brashi ngumu, weka tone moja la mafuta mepesi, kibonyeze na kukivuta mara nyingi huku ukifuta tope linalopanda. Kikianza kurudi kwa kasi kila mara, springi ni nzima na kazi imekwisha.

Ikiwa pini imekatika, kama ilivyotokea Mbagala, kufungua kichwa cha mashine si hiari. Kipande kilichokatika kimebaki ndani ya grisi, na kikifika kati ya gia mbili kitang'oa meno. Kwenye grenda nyingi ndogo kuna skrubu nne zinazoshika sahani ya beringi chini ya kava ya kinga. Ukizitoa, sahani hiyo inatoka pamoja na shafti na gia kubwa. Pale karakanani ncha ya pini ilipatikana imelala kwenye grisi kando ya ukuta wa kichwa, ndogo kuliko punje ya mahindi. Grisi yote ya zamani ilitolewa na kufutwa, kwa sababu ilikuwa na unga wa chuma. Tundu la gia likakaguliwa: lilikuwa limevimba ukingo kidogo, likapitishwa faili nyembamba. Tundu lililogeuka umbo la yai halirekebishiki, gia inabadilishwa. Pini mpya na springi vikawekwa, kisha grisi mpya ikapakwa kwenye meno ya gia na kidogo pembeni. Usikijaze kichwa chote. Grisi iliyozidi inapata joto, inalainika na kutafuta njia ya kuingia kwenye mota.

Kabla ya kufunga diski mpya, pitisha brashi ya waya kwenye thredi, na uangalie nyuso za flenji na nati. Mikwaruzo iliyonyanyuka isuguliwe kwa faili mpaka iwe flati, kwani uso usio sawa unaifanya diski iyumbe na kubana upande mmoja. Kisha angalia upande wa nati. Nati nyingi zina uso mmoja bapa na mwingine wenye mdomo ulionyanyuka. Kwa diski nene, mdomo unaingia kwenye tundu la diski. Kwa diski nyembamba ya kukatia, geuza nati, uso bapa uelekee diski na mdomo utazame nje. Ukiweka mdomo ndani kwenye diski ya milimita 1, unagonga flenji kabla diski haijabanwa. Diski inateleza, fundi anadhani hajakaza, anaongeza nguvu, na nati inayogoma inazaliwa hapo.

Kaza kwa vidole mpaka mwisho, halafu spana kidogo tu, kwa mkono mmoja. Mashine itajimalizia yenyewe. Lebo ya karatasi iliyogundishwa kwenye diski usiibandue, inakaa kati ya chuma na resini na kurahisisha kufungua baadaye. Soma pia pete ya chuma iliyo katikati ya diski. Watengenezaji wengi hugonga hapo mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa sababu resini hupungua nguvu, hasa ikikaa kwenye unyevu. Rudisha kava ya kinga mahali pake, chomeka plagi, elekeza diski mbali na watu na uiache izunguke bure kwa dakika moja kabla ya kuigusisha chuma.

Mwenye karakana, nunua nati ya akiba na spana yenye pini nzima, hata kama grenda yako bado inafunguka vizuri. Kisha ifunge spana hiyo kwa kamba fupi kwenye waya wa grenda, karibu kabisa na plagi, iwe fupi kiasi kwamba haifiki kwenye nati wakati plagi iko kwenye soketi. Kijana wako akitaka kubadilisha diski, itambidi achomoe kwanza.